Meli haikuingia siku ya bethdei yangu

Nilipokuwa kazini, idara ya utumishi, nilisoma barua za kujieleza mpaka zikanitoka puani. Mtumishi amechelewa, au hakuonekana kituoni siku nzima, au jalada limepotelea mikononi mwake. Anaandikiwa atoe maelezo, naye anarudisha karatasi mbili zenye kila kitu isipokuwa lile aliloulizwa. Foleni ya Ubungo imo, mtoto kuharisha usiku imo, daladala kuharibika Buguruni imo. Aliyeandika "nilichelewa" ulimalizana naye kabla chai haijapoa. Aliyeandika "kulijitokeza ucheleweshaji" ulijua kabisa kwamba leo hapa tutakesha.

Sikutegemea kwamba ujuzi huo ungekuja kunifaa nikiwa nimestaafu, nimekaa zangu barazani Tabata, nikisoma ujumbe wa mtoto wa kaka yangu.

Bethdei yangu ni tarehe 9 Aprili. Mwaka huo ilikuwa ya kwanza tangu mume wangu afariki. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililosababisha mambo yote, ingawa hakuna aliyelijua wakati huo, hata mimi. Marehemu alikuwa na kalenda ya ukutani, ile ya kupewa bure kila Januari, na kazi yake ya kwanza mwaka ukianza ilikuwa kuhamishia bethdei za ukoo mzima kwa kalamu nyekundu kutoka kalenda kuukuu kwenda mpya. Siku ikifika anakunywa chai, anaweka vocha, anapigia watu simu mmoja mmoja: "Leo ya shangazi yenu. Mpigieni, na msiseme nimewaambia mimi." Kisha simu yangu inaanza kulia na mimi najiona napendwa. Miaka yote hiyo nilidhani ninakumbukwa na watu wengi. Kumbe alikuwa akinikumbuka mtu mmoja.

Basi tarehe 9 ikaja, Jumatano, kimya. Saa tisa alasiri binamu yangu aliyeko Mwanza akaandika "HBD dada" kwenye grupu la familia, na keki tatu za vile vikatuni. Mnajua kinachofuata. Ndani ya nusu saa keki zimejaa, maua yamejaa, mmoja kaweka mpaka picha ya mtu anayemwagiwa maji. Nikawashukuru wote. Sikuwa na kinyongo na wale, maana anayedandia pongezi za mwenzake siyo mwongo, ni mtu amekumbushwa tu. Ila kijana niliyekuwa nikimsubiri hakuwemo. Huyo kaishi kwangu miaka yote minne ya sekondari, kala ugali wangu, kavaa soksi za mume wangu. Siku yake ya kuzaliwa nampigia alfajiri kabla hajapanda gari kwenda kazini, na sijawahi kukosa.

Kesho yake saa sita mchana ikaja hii. Nainukuu kwa ruhusa yake, tena kacheka alipojua naiandika:

"Shikamoo shangazi. Aisee nisamehe sana sana, jana nilibanwa mno na kazi, meli imeingia na makontena kibao, na simu ikaisha chaji, nikashindwa kabisa kushika simu. Usijali shangazi yangu, nitakufidia. Jumamosi nakuja na keki kubwa, na mwakani Mungu akipenda nakufanyia bonge la sherehe ukumbini. Nakupenda mno."

Kijana anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo meli siyo kitu cha kubuni kwake. Meli huingia. Tatizo ni kwamba jana yake, saa kumi na mbili jioni, aliweka stetasi yake wasap yuko Koko Bichi, sahani ya mihogo ya kukaanga mbele yake, kachumbari pembeni, mishikaki mitatu, na mkono wa mtu mwingine unaingia kwenye picha kuiba mhogo. Niliitazama hiyo stetasi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya walioitazama. Nadhani hakuikagua.

Wengi watasema kosa lake ni kudanganya na kukamatwa. Mimi naona kosa lingekuwepo hata kama picha ile isingekuwepo. Usome tena ujumbe wake utafute mahali palipoandikwa "nilisahau". Hapapo. Kuna kubanwa, kuna chaji kuisha, kuna kushindwa kushika simu, yaani mtu aliyekumbuka vizuri sana akazuiliwa na ulimwengu. Kanieleza habari ya mtu mwingine, halafu kaomba msamaha kwa niaba yake.

Na ona kisingizio kinachomfanyia anayepokea. Nilijibu: "Marahaba baba, usijali, kazi ndiyo maisha." Nilijua siyo kazi. Nilikuwa nimeiona mihogo. Lakini huwezi kumjibu mtoto "muongo wewe" wakati anaomba radhi, hasa kwa maandishi, hasa ukiwa shangazi ambaye kazi yake ni kuweka mambo sawa. Kwa hiyo nikadanganya na mimi. Ukimpelekea mtu kisingizio umemwachia njia mbili tu, akubali uongo wako au aanzishe ugomvi. Hiyo ya pili wazee wengi hawaitaki, kwa hiyo utapokea "usijali" na utadhani yameisha.

Ile "usijali" ya kwake sasa. Aliyekosa ndiye anayemwambia aliyekosewa asijali! Kazini tungeiwekea alama ya kuuliza pembeni.

Nije kwenye Jumamosi, maana hapa ndipo watu wenye roho nzuri kabisa wanapoharibu. Kisingizio kila mtu anajua ni kibaya. Ahadi inafanana na wema, kwa hiyo hakuna anayeishtukia. Kijana aliposema Jumamosi anakuja na keki, mimi nikaingia kwenye hesabu. Jumamosi ni siku ya kikoba chetu, tunakutana kwa mama mmoja huku Segerea, na ukikosa unapigwa faini. Nikatoa taarifa kwamba nina mgeni. Nikatoa kuku kwenye friza Ijumaa usiku. Nikamwambia jirani aje saa nane tule keki. Asubuhi mvua ya masika ikaanza, ile isiyo na haraka, na wa Tabata wanajua njia zetu zinavyokuwa. Saa nane jirani kafika na mwavuli. Saa kumi kijana akaandika kwamba barabara mbaya, labda wiki ijayo.

Mvua ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini sasa tulikuwa na madeni mawili. La kwanza lilikuwa dogo, siku moja aliyosahau. La pili alilitengeneza yeye mwenyewe akijaribu kulipa la kwanza, na lilinigharimu kikao, faini, na aibu mbele ya jirani aliyekuja kula keki akapewa chai na mkate. Hapo hatujagusa ukumbi wa mwakani. Mtu anayejisikia vibaya leo anaahidi kwa ukubwa wa anavyojisikia, wala haangalii ukubwa wa kosa. Wiki mbili baadaye joto limepoa, ahadi imebaki palepale, na mtu wa kuikumbuka ni yule aliyeahidiwa.

Jumapili jioni ikaingia shilingi 50,000 kwenye M-Pesa yangu. Ujumbe wa kampuni ya simu tu, jina lake, kiasi, salio. Hakuna neno. Nilikaa naitazama. Hela haijawahi kunichukiza, na gesi ilikuwa inaelekea kuisha. Ila ikabidi nimpigie kushukuru, kwa sababu kwetu hela ya mtoto haiachwi bila ahsante. Nikasema ahsante baba, Mungu akuzidishie. Akasema hamna shida shangazi. Tukakata. Nikajikuta nimemshukuru mtu kwa kunisahau, na yeye amepokea shukrani.

Baada ya hapo alikaa kimya siku kadhaa, halafu usiku mmoja akapiga. Akapiga, hakuandika. Nitaandika maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka, na ninayakumbuka vizuri kwa sababu yalikuwa machache.

"Shangazi shikamoo."

"Marahaba baba."

"Nimepiga kuhusu tarehe 9. Nilisahau bethdei yako. Sikuwa kazini, nilikuwa Koko na washkaji. Niliona grupu usiku, nikaona aibu kuandika wa mwisho, ndiyo nikatunga ile ya meli. Halafu nikakuweka Jumamosi. Nisamehe shangazi."

Akanyamaza.

Ni maneno ya kusemwa kwa pumzi mbili. Sitayafanya kuwa fomula, maana ukinakili neno kwa neno shangazi yako atajua umenakili, lakini ngoja nionyeshe kilichomo kama nilivyokuwa nikiwaonyesha vijana wapya ofisini barua iliyoandikwa vizuri. Kataja tarehe. Inaonekana ndogo, lakini aliyesema "kuhusu siku ile" bado anazungukazunguka, na aliyesema tarehe 9 ameijua. Kataja tendo kwa jina lake na mtendaji ni yeye. Kataja na uongo, ambao mimi sikuwa nimeuliza. Hakusema "kama nilikukwaza", maneno yanayonifanya mimi nithibitishe kwanza kwamba nimekwazika. Hakusema "unanijua mimi kichwa kibovu", ambayo ni kisingizio kilichovaa kanzu ya unyenyekevu. Hakujilaani. Nimewahi kuombwa radhi na mtu aliyejilaani mpaka nikaishia kumbembeleza yeye, siku nzima ikawa yake.

Na kunyamaza kule. Vijana wengi wangejaza ile nafasi haraka: nitakuja, nitaleta, nitafanya. Kimya baada ya kuomba radhi kinauma, ndiyo maana tunakiziba kwa ahadi. Yeye alikiacha, nami nikapata nafasi ya kusema langu. Nikamwambia ukweli kwamba keki haikunihusu. Nilimwambia nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na kwamba ile habari ya meli ndiyo iliyoniuma kuliko kusahau. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo shangazi."

Kisha akaongeza kitu ambacho kilinifanya nikae vizuri kwenye kiti. Akasema, "Kusema kweli, mimi sijawahi kuikumbuka. Kila mwaka anko ndiye alikuwa ananipigia asubuhi, na alikuwa anasema nisikuambie."

Hapo ndipo nilipojua habari ya simu zile za marehemu. Nilijua kalenda, nilijua kalamu nyekundu, sikujua kwamba alikuwa akiwapigia.

Mtu anaweza kuuliza: sasa hicho nacho si kisingizio? Anko amekufa, hakukuwa na wa kunikumbusha. Nimelifikiria sana, na kipimo ninachokitumia ni hiki. Sababu inayokufanya uonekane bora kuliko ulivyokuwa ni kisingizio. Sababu inayokufanya uonekane vibaya zaidi, lakini ni ya kweli, ni maelezo. Meli ilimfanya aonekane mchapakazi. Habari ya anko ilimfanya aonekane mtu ambaye pongezi zake za miaka yote zilikuwa za kuazima. Hakuna mwongo anayetunga kitu kama hicho. Na kilinifaa, kwa sababu kilinionyesha kwamba hakuacha kunijali mwaka huu; kilichokatika ni uzi uliokuwa ukimfikishia habari. Maelezo yakiwa hivyo, yaseme, lakini mwisho, baada ya kukiri, na kwa sentensi moja au mbili. Ukianza nayo hata yakiwa ya kweli yatasikika kama meli.

Nilikuja kusoma utafiti wa mwaka 2016 wa Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake, uliopima vipande sita vya kuomba radhi: kujuta, kueleza kilichotokea, kukubali kosa ni lako, kuahidi kubadilika, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Waliona kwamba kukubali kosa ndiko kulikokuwa na uzito kuliko vyote, kurekebisha kukafuata, na kule kuomba usamehewe kukawa mwisho. Nilitabasamu kwenye hilo la kwanza, ningeweza kuwaambia bila utafiti. Ila hilo la pili lina mtego kwa jambo letu. Mfano waliowapa watu ulikuwa wa mhasibu anayeomba kazi baada ya kukosea hesabu za kodi za mteja. Hesabu ya kodi inarekebishika: unaifungua, unarudia, unawasilisha upya. Tarehe 9 Aprili haifunguliwi tena. Ndugu anayetafuta namna ya kuirekebisha hatapata kitu cha kurekebisha, kwa hiyo anaanza kuongeza: keki kubwa, ukumbi, 50,000. Anajaza tenga lisilo na kitako.

Simaanishi mtu aje mikono mitupu milele. Kijana alikuja, baadaye, bila kutangaza, Jumapili moja, kabeba nanasi mbili na mkate wa boflo kama anavyokuja siku zote. Hakutaja bethdei, mimi sikutaja. Zawadi ikitolewa baada ya mambo kuisha ni zawadi. Ikitangulia maneno ni malipo, na ikija badala ya maneno, kama zile hela za Jumapili, mpokeaji anashukuru na anabaki na swali lake.

Vilevile alifanya jambo moja ambalo sikuambiwa, nimelijua kwa mke wake: kaingiza tarehe za ukoo kwenye simu, mlio unatoka siku moja kabla. Nashukuru hakuniambia usiku ule. "Nimeshaweka kikumbusho" ni ahadi nyingine, ndogo lakini ahadi, na mwakani simu ikibadilishwa au kuibiwa Kariakoo tunarudi palepale. Kikumbusho ni chake na simu yake.

Kwa wanaojiuliza kama waombe radhi kwenye grupu: hapana, tafadhali. Nilishaona mama mmoja kwenye grupu letu akiombwa radhi mbele ya watu arobaini, na kabla hajafungua ujumbe watu wameshaweka makofi na "mama ana moyo mkubwa". Asamehe asisamehe, ameshasamehe. Mpigie pembeni. Kama kupiga ni kuzito andika, ila usiweke picha ya maua yenye maandishi ya kutumwatumwa, hiyo inasema umetumia sekunde nne.

Na siyo kila anayesahauliwa amekosewa. Jirani yangu huyuhuyu wa mwavuli haadhimishi bethdei, anasema katika dini yake hana jambo hilo, na mwanawe alipomwomba radhi mwaka fulani alishangaa anaombwa radhi ya nini. Mama yangu mzazi tarehe yake ilikuwa ya kukadiria, alizaliwa "wakati wa mavuno". Lakini mjihadhari na wazee wa kizazi changu wanaosema "sisi hatuna mambo ya bethdei". Wengine wanasema hivyo saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni bado wanaangalia simu. Cha kuangalia ni desturi iliyokuwepo kati yenu wawili. Kama yeye huwa anakupigia wewe, unadaiwa.

Kaka yangu, baba wa huyu kijana, naye hakunipigia tarehe 9 na mpaka leo hajasema lolote. Wala sijasubiri. Tangu tukiwa watoto Kigogo hajawahi kuijua bethdei ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe anakumbushwa na kitambulisho, na akija leo kuniomba radhi nitampeleka hospitali. Yake ni Juni. Nitampigia asubuhi, ataniuliza, "Kuna nini, nani kafa?"